Mifuko ya Kanga

Mara ya tatu Raoul aliporudisha karatasi, Bénie alitamani kuila. Aitafune pale pale mbele ya meza ya mkuu wake, pamoja na pini, halafu waone atakayesema tena kwamba muhtasari wake "hauna nguvu." Lakini alikuwa mtoto wa watu wenye adabu. Babu yake alitoka Kongolo kuja kufanya kazi kwenye reli, baba yake akaifuata reli hiyo hiyo mpaka ilipomchosha, na mama yake, Victorine, aliwafundisha watoto wake wote kumwambia mkubwa "ndiyo" kwanza na kununa baadaye, nyumbani, mbele ya sufuria. Basi Bénie akasema ndiyo, akachukua karatasi zake, akaenda kununia chooni.

Tumwelewe. Msichana huyu alikuwa amemaliza masomo yake ya marketing, na kilichobaki ni staji, yale mafunzo ya kazini. Bila fomu ya staji iliyojazwa na kusainiwa na mkuu wake, chuo kisingempokea kutetea kazi yake mwaka huu. Mwaka mwingine maana yake ada nyingine, na nyumbani kwao, mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, ada ya mwaka huu yenyewe ilipatikana kwa kukosana na wajomba wawili. Kwa hiyo saini ya Raoul ilikuwa kitu ambacho Bénie alikilalia na kuamka nacho. Na Raoul alikuwa ameiweka mahali pamoja tu: mwisho wa kazi moja, muhtasari wa kurasa mbili juu ya washindani wa Kanga.

Kanga ni unga wa mahindi. Ulisagwa kwenye kinu cha Patron Kasereka, mfanyabiashara aliyetoka Butembo miaka mingi iliyopita na lori moja, akawa na mengi, halafu akajenga kinu upande wa Kampemba, si mbali na Hewa Bora. Mfuko wake wa kilo ishirini na tano ulikuwa mweupe, umechorwa ndege kanga, mnene, mwenye madoa. Patron alitaka kujua: sokoni, nani anashindana nasi, kwa bei gani, na kwa nini mama fulani achukue unga wa mwingine aache wetu? Swali zuri kabisa. Mtu angedhani jibu lake litatafutwa na watu wazima wanaolipwa mshahara. Lilipewa stagiaire, mwanafunzi wa staji.

"Bénie, iko kitu kidogo tu," Raoul alimwambia siku ile, akinukia manukato mpaka kwenye ngazi. "Utaangaliya pa internet, utaweka bachiffres, page mbili. Patron hasomake mingi."

Bénie aliangalia, akitafuta hizo chiffres, yaani namba. Mtandaoni alikuta ripoti ndefu juu ya soko la unga wa bara zima, zenye michoro ya rangi, na hakuna hata moja iliyowahi kusikia habari za soko la Kenya. Akaziweka kando, akasema lazima aende mwenyewe kuona. Hapo Raoul akafurahi, akamletea polo, fulana mpya ya kampuni, nyeupe, yenye kanga mkubwa kifuani.

"Uvae hii. Inaleta visibilité, bantu batatuona."

Akavaa. Na hilo ndilo kosa ambalo hata leo akilikumbuka hujipiga paji la uso. Unatumwa kuuliza watu wanapenda unga wa nani, halafu unakwenda ukiwa umejichora kuku wa tajiri wako kifuani! Huko sokoni wale waliodhani anatoka kwa watu wa kodi walifunika bidhaa zao na kuanza kuongea na majirani. Waliobaki, walipomwona ndege, walilainika kwa upole.

"Mama, unauzishaka unga ya nani sana?"

"Yenu tu, mutoto yangu! Yenu tu njo bantu banapenda."

"Na ile ya Zambie?"

"Ile? Aaa, hapana. Haiko muzuri."

Mmoja baada ya mwingine, kama kwaya iliyofanya mazoezi. Bénie aliandika yote. Kisha, kwa kuwa alifundishwa kwamba maneno peke yake hayatoshi, akahesabu pia kwa macho: katika kila kibanda, mfuko uliosimama mbele, mdomo wazi, unga umejaa hadi juu na kipimo cha bati wanachokiita meka kimechomekwa katikati, ulikuwa wa chapa gani? Akapiga picha kila kibanda. Baada ya wiki mbili akarudi akapiga tena, soko la Kenya na lile la Hewa Bora. Hesabu ikatoka tamu: karibu mifuko saba katika kila kumi ilikuwa ya kanga.

Raoul aliposoma namba hiyo alisimama. Aliingia kwa Patron siku hiyo hiyo na kumwambia, sisi ndio wa kwanza sokoni, tuweke bango kubwa barabarani, "Kanga, chaguo la Lubumbashi." Patron akasema atafikiri. Raoul akaanza kutafuta mtu wa kupiga picha ya familia yenye meno mazuri.

Bénie naye angelala usingizi wake, kama asingekuwa na ule ugonjwa wake wa kutaka vitu vikubaliane. Alishuka kwa Lydie, anayeandika mauzo, akamwomba mauzo ya mtaa wa Kenya ili aongeze mstari mmoja mzuri kwenye muhtasari. Lydie akamfungulia kompyuta. Mauzo yalikuwa yameshuka kwa miezi kadhaa. Na si kushuka kwa heshima. Yalikuwa yamebaki nusu.

"Lydie, haiwezekane. Kule banauzisha yetu tu."

"Mi sikwambie kule banauzisha nini," Lydie akasema bila kugeuka. "Mi nakwambia huku banalipa nini."

Akapanda kwa Raoul. Raoul akasema huenda Lydie amekosea. Bénie akasema Lydie hakosei. Raoul akasema basi watu wananunua Kanga kwa njia nyingine. Njia ipi, na kinu ni kimoja na mlango wake ni mmoja? Raoul akamtazama kama unavyotazama nzi kwenye supu, akasema, "Bénie, usinisumbue na bintu ya comptabilité ya Lydie. Kamilisha étude, page mbili." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza karatasi kurudi.

Nyumbani, mama yake akisonga bukari, ugali wa kwao, Bénie alikaa kwenye kigoda na simu yake, akipitisha picha za sokoni moja baada ya nyingine, amekasirika kiasi cha kutosikia anaulizwa kama atakula. Picha ya kibanda cha Mama Annie, karibu na njia ya mafundi wa vyerehani. Mfuko wa kanga, umejaa hadi juu. Kwenye mguu wa ndege, doa la mawese lenye umbo la kiatu cha mtoto. Akaenda kwenye picha za wiki mbili baadaye. Kibanda hicho hicho. Mfuko umejaa hadi juu. Na kwenye mguu wa ndege, kile kiatu.

Akaangalia mara mbili. Halafu akavuta picha nyingine zikawa kubwa. Hapa kanga amefifia kwa kufuliwa. Pale mshono wa chini umerudiwa kwa uzi wa bluu, na kinu cha Patron hushona kwa uzi mwekundu tu. Mifuko ileile. Haikuisha kwa sababu haikuwa inauzwa, ilikuwa inajazwa tena.

"Mama," alisema, "miye niko mujinga, bure kabisa."

"Kula kwanza," Victorine akamjibu.

Siku iliyofuata alirudi sokoni na kitenge cha mama yake na beseni ya nyumbani, bila polo, bila kanga. Hakuuliza chochote. Alisimama karibu na vibanda kama mtu anayepima mawazo, akasikiliza wanunuzi. Hakuna hata mmoja aliyetaja chapa. Walichota unga kidogo kiganjani, wakausugua kwa kidole gumba, wakaunusa, wakauliza kama ni wa zamani, wakapima meka moja au mbili, wakaenda. Mfuko ulikuwa kama kabati tu. Nani anauliza kabati lilitoka wapi? Bénie akanunua meka kwa Mama Annie, akausugua kama wengine. Ulikuwa laini, mweupe sana. Unga wa Kanga husagwa ukabaki na punje kubwa kidogo. Ungeujua hata gizani.

Mama Annie, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya barabara, hakumkumbuka. Waliongea vizuri. Alimweleza kila kitu bila kuulizwa sana: unga ni wa Zambia, unaingia na malori kutoka mpakani Kasumbalesa kila wiki, mtu anamletea mpaka pale. Mfuko wa kanga anauweka kwa sababu ni mgumu, panya hautoboi haraka, na unasimama wenyewe.

"Na unga yenyewe ya kanga?" Bénie akauliza, akitazama pembeni.

"Unga iko muzuri. Lakini camion yabo ya kubeba unga inakuyaka wakati inapenda. Wiki hii iko, wiki ingine hakuna. Mi nitaambia bakiriya yangu nini, bafunge?"

Bénie alirudi ofisini miguu ikimwasha kwa haraka. Akaandika upya. Swali: nani anachukua nafasi yetu katika mauzo ya meka? Njia: mahojiano ya kwanza yasihesabiwe, kwa sababu muulizaji alivaa nguo ya kampuni; hesabu ya mifuko isihesabiwe, kwa sababu mfuko hauonyeshi kilichomo; zimetumika picha za siku mbili tofauti, mauzo yetu wenyewe, kununua na kusugua unga, na mazungumzo na wauzaji waliokubali. Matokeo: mshindani mkuu ni unga wa Zambia, bei karibu sawa na yetu, faida yake ni kufika kila wiki. Wa pili, vinu vidogo vya mtaani. Pendekezo: kabla ya bango, siku ya kudumu ya kuleta unga sokoni. Mwisho: tusiyoyajua, yaani masoko mengine ya mji, ambayo hayakutembelewa. Kurasa mbili, wala si mstari zaidi.

Hiyo ilirudi mara ya pili, ikiwa imekatwa kwa kalamu kama kuku.

"'Tusiyoyajua'?" Raoul alisema. "Utamwambia Patron kama hatujue? Bénie! Marketing haiko confession ya kwa padri. Na hii chiffre ya saba, minaisha kumupa. Uirudishe."

"Chef, ile chiffre iko ya mifuko. Haiko ya unga."

"Mufuko ya kanga, unga ya kanga. Kwisha."

Aliandika tena, kwa maneno laini zaidi, ikarudi mara ya tatu. Hapo ndipo alipokwenda kununa chooni, na aliporudi alikuta Raoul amefungua fomu ya staji mezani na kuijaza kabla ya wakati. Mbele ya neno "tabia" alikuwa ameandika kwa herufi nzuri: *Dérangeante.* Msumbufu. Nafasi ya saini ilikuwa tupu.

"Kesho Patron anataka kusikia chiffre," alisema. "Utabadilisha slides, hautasema kitu. Kisha tutaona hii karatasi."

Usiku ule Bénie aliamua kunyamaza. Tusimpambe: aliamua kabisa. Kufikiria ada, wajomba, na mama yake aliyekwisha kununua kitambaa cha sherehe, kulimtosha. Bango ni pesa za Patron, si zake. Akilitundika, limwangukie.

Kesho yake akakaa mwisho wa meza, kidole kwenye kompyuta, akabadilisha picha kama alivyoagizwa. Raoul alizungumza vizuri, hilo tumpe. Familia ya meno mazuri ikatokea ukutani. Patron Kasereka, mzee mfupi mwenye koti lililochakaa kwenye viwiko, alisikiliza macho yakiwa nusu yamefumba. Namba saba ilipotokea akayafungua.

"Saba kwa kumi. Mulihesabu aje?"

"Enquête ya terrain, Patron, kule kule sokoni," Raoul akasema. "Bénie njo alitembea."

Mzee akageuza kichwa. "Mutoto yangu, mulihesabu aje?"

Raoul alimkazia macho. Bénie alisikia ndimi mbili kinywani mwake, moja ikisema ada, nyingine ikiwa imekwisha kuchoka. Na uchovu ukishinda adabu, mtu hujisikia akisema.

"Tulihesabu mifuko, Patron. Hatukuhesabu unga."

Raoul akaanza kucheka ili kulifunika, akasema stagiaire bado anajifunza. Patron akasimama akatafuta funguo za gari.

"Tuende tuone."

Haya sasa. Mtu mmoja tu alikuwa amevaa polo ya kanga siku ile, naye alikuwa Raoul, na kule soko la Kenya alitembea mbele. Bénie alimwomba Patron wasogee polepole nyuma, kama wapita njia. Hakuweza kumwomba Raoul avue nguo. Mama Annie alipoona ndege anakuja, akawasha tabasamu lote.

"Karibu, chef! Yenu tu njo tunauzishaka! Banapenda ile tu!"

Raoul akageuka, mikono imefunguka, uso unang'aa. Bénie alitaka ardhi immeze na fomu yake. Kazi yote ile, picha zote zile, na sasa mama huyu, kwa upole wake tu, kwa kutotaka kumwaibisha kijana wa watu mbele za watu, anamzika hai.

Mzee Kasereka alipita pembeni mwa Raoul, akainama juu ya mfuko wenye kiatu cha mawese, akachota unga. Akausugua kwa kidole gumba. Akaunusa. Akausugua tena, taratibu zaidi, na Bénie aliona shingo yake ikiinama.

"Mama," alisema kwa sauti ya mteja yeyote, "hii iko ya wapi?"

Mama Annie alimtazama: koti bovu, viatu vya vumbi, hana ndege. Akainama karibu naye asisikiwe na Raoul.

"Papa, kama uko unatafuta ya kula na batoto, hii iko ya Zambie, iko muzuri. Mufuko tu njo ya kanga. Ya kanga haikuyake. Banasemaka patron yabo anapeleka kwanza ku mines, ju kule banalipa mbio. Siye, tunabakiaka na mufuko."

Bénie alitazama chini. Hilo la migodi hakulijua. Halikuwamo kwenye kurasa zake mbili. Lakini uso wa mzee ulionyesha kwamba yeye alilijua vizuri. Malori yalitii amri ya mtu mmoja tu.

"Nipimie meka moja," Patron akasema. Akalipa, akabeba unga wa mshindani wake kwenye mfuko mdogo wa plastiki mpaka garini.

Njiani Raoul alijaribu kusema jambo kuhusu sampuli, akaacha. Ofisini mzee aliomba ule muhtasari uliokataliwa, wa kurasa mbili, akausoma amesimama. Alipofika mwisho akapiga kidole kwenye "tusiyoyajua."

"Hii mulikosa kuweka kitu moja."

"Ndiyo, Patron. Ya mines. Sikuijua."

"Uiweke." Akapumua kwa pua, kwa hasira ambayo haikuwa ya Bénie wala ya Raoul, hasira ya mtu aliyelipia kusikia habari zake mwenyewe. "Na bango, hapana. Raoul, ile photo ya bantu ya meno, ufute. Karatasi ya uyu mutoto iko wapi?"

Raoul akaileta, polepole, akiishika upande ulioandikwa kama anaweza kuufunika kwa kidole. Mzee akaweka miwani. Akasoma "Dérangeante." Akalisoma tena, akatazama ule mfuko wa unga uliokaa mezani, akatazama Bénie, ambaye wakati huo alikuwa ameacha kupumua na kuanza kuwahesabu wajomba.

"Raoul, hii neno uliandika weye?"

"Ndiyo, Patron."

"Uliandika muzuri."

Akachukua kalamu. Hakulifuta neno. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika akiandika risiti, akaongeza maneno mawili ya Kifaransa, *À garder*, abaki kazini, akasaini yeye mwenyewe mahali palipokuwa tupu.